Kushikilia maharage ya moto kwa saa sita kwenye sufuria ya umeme: WARM inaweza nini na haiwezi nini

Mwongozo huu ni wa anayepika mara moja na kuuza au kupakua kwa saa nyingi: mama lishe wa Kibirizi mjini Kigoma anayesubiri abiria wa boti, mgahawa mdogo wa Mwanga au Ujiji, nyumba ambayo watu hurudi kula kwa zamu, au kantini ya ofisini kule Tabora. Chombo tunachokizungumzia ni sufuria ya umeme ya kupikia taratibu, ile yenye chungu kizito cha udongo ndani, mfuniko wa kioo, na swichi iliyoandikwa OFF, LOW, HIGH na WARM. Tutaiita sufuria ya taratibu. Trei ya kupashia, yaani lile bamba la umeme linalowekwa chini ya mabakuli wakati wa shughuli, tutaigusa kuelekea mwisho kwa sababu ina tabia zake.

Chakula tutakachokifuata hatua kwa hatua ni maharage ya mawese, kilo moja ya maharage makavu, yanayotakiwa kuuzwa kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni.

Kwanza tuelewane kuhusu WARM. Swichi hiyo haipiki, wala haipashi kiporo. Kazi yake ni kurudisha joto linalopotea kupitia kuta na mfuniko, basi. LOW na HIGH zote mbili hatimaye hukifikisha chakula karibu na kuchemka, ila moja huchukua muda mrefu kuliko nyingine. WARM hukiacha kwenye nyuzi 63 hadi 74 hivi, kutegemea sufuria. Ukikitia chakula kikiwa na nyuzi 90, kitashuka taratibu hadi hapo kisha kitulie. Ukikitia kikiwa na nyuzi 40, kitakaa saa nyingi katika uvuguvugu kikipanda kwa kujikongoja, na muda wote huo bakteria wanazaliana.

Mstari wa kukumbuka ni nyuzi 60. Chini ya hapo, hadi kwenye nyuzi 5 za friji, ndiko bakteria wa chakula wanakostawi. Sisi tunapendekeza ushike 63 kama mstari wako wa kazini, ili ukikosea kidogo usome 61 na si 58. Kwa maharage na mchuzi wa nyama, bakteria wa kuogopwa zaidi ni yule anayeitwa Clostridium perfringens. Anatengeneza mbegu ambazo hazifi kwa kuchemsha. Chungu kikichemka, bakteria wenyewe hufa na mbegu hubaki zimelala. Chakula kikishuka hadi nyuzi 45 hivi zinaamka, na katika joto hilo idadi yao inaweza kuwa maradufu kila baada ya dakika kumi. Ndiyo maana hoja ya kwamba chakula kilichemka vizuri asubuhi haitoshi kukilinda jioni. Kibaya zaidi, chakula hicho mara nyingi hakinuki, hakibadiliki rangi, wala hakina ladha ya uchachu. Mlaji huanza kuumwa tumbo la kusokota na kuharisha baada ya saa nane hadi kumi na mbili, akiwa ameshasahau alikula wapi.

Kabla ya yote: pima sufuria yako kwa maji

Sufuria mbili zenye umbo na bei moja zinaweza kutofautiana kwa nyuzi kumi. Usibahatishe kwa chakula cha watu, jaribu kwanza kwa maji.

Utahitaji kipimajoto cha chakula chenye sindano, na kabla ya kukitumia kihakiki. Tumbukiza sindano kwenye maji yanayotokota bila kugusa kitako cha sufuria. Hapa ndipo wengi hukitupa kipimajoto kizima wakidhani ni kibovu, kwa sababu wanasubiri kisome 100. Hakitasoma 100. Mji wa Kigoma uko kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 97. Tabora iko kwenye mita 1,200 hivi, maji yake huchemka kwenye 96. Kikisoma hivyo, ni kizima. Kikisoma 92, kumbuka kwamba kinapunguza nyuzi nne au tano, uziongeze kila unaposoma, au ununue kingine.

Sasa jaribio lenyewe. Jaza chungu nusu hadi theluthi mbili kwa maji yaliyotoka kuchemka, ukiwa umeshakipasha chungu kwa maji ya moto ya bomba au ya birika ili kisipasuke. Funika, weka WARM, andika saa. Pima baada ya saa moja, saa mbili, saa nne na saa sita, ukifunua kwa muda mfupi tu wa kuingiza sindano. Namba zitashuka mwanzoni kisha zitatulia. Zikitulia kwenye 68 au 70, una sufuria nzuri. Zikitulia kwenye 63 au 64, inafaa ila haina akiba. Zikienda chini ya 60, WARM ya sufuria hiyo usiitumie kabisa, utashikilia chakula kwa LOW na kuongeza maji ya moto mara kwa mara.

Fanya jaribio hili jioni vilevile, si mchana peke yake, na sababu yake ni ya kwetu hasa. Sufuria nyingi za bei ya kawaida hazina kidhibiti joto ndani, zina waya wa kupasha tu unaotoa nguvu kulingana na umeme unaoingia. Umeme wetu unatakiwa uwe volti 230. Jioni watu wakiwasha taa, pasi na majiko, mtaa ulio mwisho wa laini unaweza kushuka hadi volti 180. Nguvu ya waya haishuki kwa kiasi kilekile cha volti, inashuka zaidi: kwa volti 180 unabaki na asilimia 61 tu ya joto. Tazama maana yake. Sufuria iliyokuwa ikikaa kwenye nyuzi 68 katika chumba chenye nyuzi 27 ilikuwa inashikilia tofauti ya nyuzi 41. Asilimia 61 ya 41 ni 25. Jumlisha 27, unapata 52. Taa ya WARM inawaka vilevile, mfuniko una mvuke vilevile, na chakula taratibu kinaelekea nyuzi 52, ndani kabisa ya eneo la hatari. Ukiona balbu zimefifia au feni inazunguka kichovu, hamishia LOW bila kusubiri.

Jambo moja la haraka kwa wanaonunua mitumba ya vyombo vya umeme: pindua sufuria usome kibati chake cha chini. Kikiandikwa 120V, usiichomeke moja kwa moja ukutani, itaungua.

Kupika: kwenye jiko, si kwenye sufuria ya taratibu

Loweka kilo moja ya maharage usiku, maji mengi, saa nane hadi kumi na mbili. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, weka maji mapya, injika kwenye jiko la mkaa au gesi na uyatokose kwa nguvu. Mtokoto huu usiruke. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika vibaya ndani ya saa chache, na sumu hiyo huvunjika kwa mtokoto wa kweli wa angalau dakika kumi. Sisi tunashauri nusu saa, maana maji yetu huchemka kwenye nyuzi pungufu ya zile za pwani. Ukiyaweka mabichi kwenye LOW ukatumaini yatajiivia, yanaweza kukaa chini ya nyuzi 80 muda mrefu, na katika joto hilo sumu haivunjiki, inaweza hata kuzidi. Yanaweza kulainika na kuonekana yameiva huku bado yanadhuru.

Baada ya mtokoto punguza moto, acha yaive hadi punje isagike kati ya vidole viwili bila kiini kigumu. Kaanga kitunguu kwa mawese, weka nyanya, changanya, chumvi mwisho. Hakikisha chungu kizima kinatokota tena baada ya kuchanganya, kwa dakika kumi. Kwa kilo moja ya maharage makavu pamoja na rojo yake utapata lita nne hivi, ambazo zinakaa vizuri kwenye sufuria ya taratibu ya lita sita.

Rojo iwe nyepesi kidogo kuliko unavyopenda sahanini. Yatakapokaa kwenye moto, wanga wa maharage utaendelea kutoka na kuyafanya mazito. Rojo nzito haizunguki: pembeni inaungua na katikati inapoa.

Kuhamisha, dakika tano zinazoamua mchana mzima

Nusu saa kabla ya kuhamisha, weka maji ya moto ndani ya chungu cha udongo, funika, washa HIGH. Tunalisisitiza hili kwa sababu chungu hicho kina uzito wa kilo tatu au zaidi, na kikiwa baridi kinanyonya joto la chakula. Lita nne za maharage yenye nyuzi 95 zikiingia kwenye chungu cha kilo tatu chenye joto la chumba, vyote hukutana kwenye nyuzi 84 hivi. Hapo bado uko salama. Lakini ukiingiza lita moja na nusu tu, vitakutana kwenye 72. Ongeza muda wa kupakua huku mfuniko uko wazi, na unaanza kazi ukiwa umeshaishiwa akiba. Tena udongo baridi ukimwagiwa kitu kinachotokota unaweza kupasuka pale pale.

Mwaga maji ya moto, pangusa, mimina maharage yakiwa bado yanatokota. Jaza nusu hadi theluthi mbili, usizidishe hadi ukingoni. Funika mara moja. Acha swichi kwenye HIGH dakika kumi na tano, kisha rudisha WARM. Pima katikati ya chungu, si pembeni: kwa maharage yetu unatakiwa kuona 80 na kitu. Andika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: saa sita, 84. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuokoa baadaye usianze kubishana na kumbukumbu.

Wakati wa kuuza

Kila ukifunua mfuniko unatoa mvuke uliokuwa ukilinda uso wa chakula, na WARM haina nguvu ya kuurudisha upesi. Kupandisha lita nne kwa nyuzi tano tu kunaweza kuichukua saa nzima au zaidi. Kwa hiyo pakua kwa upawa mrefu, sahani zikiwa zimeshapangwa, wali umeshawekwa, unafunua mara moja unajaza tatu au nne, unafunika. Upawa usilale ndani ya sufuria mfuniko ukiwa umekaa upande. Ile nafasi ndogo ya mpini ikikaa wazi mchana kutwa inatosha kukushusha chini ya mstari.

Koroga kila baada ya nusu saa kutoka chini kwenda juu, ukikwangua kuta. Pima kila saa moja. Sindano iingie katikati, nusu ya kina, usubiri namba itulie. Mawese yakipanda juu na kuganda kama utando wa rangi ya chungwa, hapo si lazima kuna tatizo, uso tu umepoa. Koroga, pima tena. Ila ukikoroga na utando haupotei, joto limeshuka na hukuliona.

Rojo ikikauka, ongeza maji yanayotokota kutoka kwenye birika, kikombe kimoja kimoja. Maji ya ndoo hapana.

Sasa kosa linaloharibu kazi kuliko yote: kuongezea. Saa tisa mchana maharage yamepungua, kuna kiporo cha lita moja kwenye bakuli, mtu anakimimina juu "kitapata moto humo humo". Piga hesabu. Lita tatu zenye nyuzi 68 na lita moja yenye nyuzi 27 zinakutana kwenye nyuzi 58 hivi. Kikitoka kwenye friji ni mbaya zaidi, zinakutana kwenye 52. Umechukua chakula salama ukakishusha chote chini ya mstari, na WARM itachukua saa kukirudisha kama itaweza. Juu ya hapo umepandikiza bakteria wa kiporo kwenye sufuria nzima. Kiporo au chungu kipya kichemshwe jikoni hadi kitokote katikati, kisha kiwekwe baada ya kile cha kwanza kuisha, kwenye chungu kilichosuuzwa kwa maji ya moto. Usichanganye cha saa sita na cha saa tisa, maana hapo hujui tena chakula chako kina umri gani.

Kuhusu muda: vijitabu vingi vya sufuria hizi vinasema WARM isizidi saa nne. Maharage yetu yanatakiwa kukaa saa sita. Njia tunayoipendekeza ni kuugawa muda. Saa kumi jioni, hata kama kipimajoto kinasoma 66, toa kilichobaki, kirudishe kwenye jiko la mkaa kitokote dakika kumi, osha na pasha chungu, rudisha, anza karatasi upya. Unapata saa mbili za mwisho ukiwa na joto la juu, na kwa wakati huo kilichobaki ni kidogo, na kidogo hupoa haraka kuliko kingi. Kikibaki chini ya robo ya chungu, acha sufuria ya taratibu, weka kwenye hotpoti iliyopashwa kwa maji ya moto na ukimalize ndani ya saa moja.

Umeme ukikatika

Zima swichi, usifunue, funika sufuria yote kwa blanketi au khanga mbili nzito zilizokunjwa (sufuria ikiwa imechomolewa, usisahau). Andika saa. Chungu chenye lita nne kikiwa mezani na mfuniko wake, bila blanketi, hupoteza karibu nyuzi kumi kwa saa. Kikiwa kimeanza kwenye 72, una saa moja na kidogo kabla ya kugusa 60. Blanketi linaongeza muda, chungu nusu kinaupunguza. Kama una jiko la mkaa linalowaka, usisubiri, hamishia kwenye sufuria ya kawaida na uweke juu ya moto mdogo. Chungu cha udongo chenyewe kisiwekwe juu ya mkaa.

Kama hukuwepo kuichomoa na umeme ukarudi, tofautisha sufuria yako. Yenye swichi ya kuzungusha itaendelea pale ilipokuwa. Yenye vitufe na kioo cha namba, nyingi zinarudi zikiwa zimezimwa, zinasubiri ubonyeze upya. Umeme ukikatika dakika mbili tu ukiwa sokoni, unarudi baada ya saa tatu kukuta taa za nyumba zinawaka na chakula kikiwa na nyuzi 45.

Ile ya kuzungusha nayo ina mtego wake. Umeme umekatika saa tatu, umerudi saa moja kabla hujafika, unagusa sufuria ni ya moto, unaona mambo sawa. Kwa hiyo usiiache sufuria kwenye WARM nyumba ikiwa haina mtu, au weka pembeni yake saa ya umeme isiyo na betri, iliyochomekwa soketi moja nayo. Ikichelewa kwa saa tatu, umejua.

Uamuzi ufanywe kwa namba. Chakula kikiwa juu ya 60, washa LOW, koroga, endelea. Kikiwa chini ya 60 na unajua kwa hakika kimekuwa huko kwa muda usiozidi saa mbili, kichemshe jikoni mara moja hadi kitokote chote kisha ukirudishe. Kikiwa chini ya 60 kwa zaidi ya hapo, au hujui kwa muda gani, mwaga. Tunajua kilo ya maharage ni hela. Lakini kuchemsha hakurekebishi kila kitu: bakteria wengine, kama yule wa wali na yule anayetoka kwenye mikono na vidonda vya mpishi, huacha sumu inayostahimili mtokoto. Unaua bakteria, sumu inabaki, na mlaji anatapika ndani ya saa moja hadi sita.

Vyakula vingine na trei ya kupashia

Mchuzi wa nyama na supu hufuata njia ya maharage. Migebuka na samaki wengine laini huvunjika, usiwashikilie zaidi ya saa moja. Mchuzi wa nazi unakatika ukikaa muda mrefu, tui zito litiwe karibu na kupakua. Ugali na wali havina kazi ndani ya sufuria ya taratibu. Wali ukae kwenye sufuria ya umeme ya wali iliyoupika, kwenye WARM yake, umefunikwa, kwa saa nne au tano. Usiupoze mezani ukategemea kuurudisha moto baadaye, kwa sababu ya ile sumu tuliyoitaja.

Trei ya kupashia inapasha kutoka chini tu. Bakuli la pilau lenye kina cha sentimita kumi linaweza kuwa linaungua kitako huku juu lina nyuzi 50. Washa trei dakika ishirini kabla. Tumia sinia au bakuli la chuma lenye kitako bapa kinachogusa bamba lote, si plastiki wala hotpoti, maana ukuta wa hotpoti unazuia joto kuingia kama unavyolizuia kutoka. Kina cha chakula kisizidi sentimita tano. Funika kwa mfuniko au karatasi ya aluminiamu iliyobana, koroga kila nusu saa, na upime juu, si chini. Kwa shughuli ya saa tatu, leta masinia mawili madogo kwa zamu kutoka jikoni yakiwa ya moto, badala ya sinia moja kubwa linalokaa mwanzo hadi mwisho.

Kilichobaki saa kumi na mbili

Usizime sufuria ukaiacha na chakula ndani hadi asubuhi. Ule udongo mzito unaoshika joto mchana ndio utakaokiacha chakula katika uvuguvugu usiku kucha. Mimina kwenye sinia pana, kina kisizidi sentimita tano, uliweke lielee kwenye beseni la maji baridi unayoyabadilisha yakipata joto, koroga. Kinatakiwa kushuka chini ya nyuzi 21 ndani ya saa mbili kisha kiingie friji. Nyumba za Kigoma wakati wa joto zinaweza kuwa na nyuzi 27 hata usiku, kwa hiyo hewa peke yake haitakufikisha hapo. Tumia maji yenye barafu, au mara kinapoacha kutoa mvuke kiweke friji kikiwa bado kwenye sinia, bila kukirundika. Kama huna friji wala barafu, gawa kiliwe jioni hiyo hiyo kikiwa bado juu ya nyuzi 60.

Chungu cha udongo kioshwe baada ya kupoa chenyewe. Kagua ukingo wa ndani kwa kidole: nyufa ndogo kwenye rangi ya kung'aa hushika mawese na mabaki ya rojo ambayo sabuni haifikii. Chungu chenye ufa unaokwaruza ukucha kisitumike tena kwa chakula.